Konveya inahesabu vibaya: kutafuta kosa kwenye sensa za indaktivu, kapasitivu na za mwanga

Lalamiko linalojirudia kuliko yote kwenye viwanda vyetu vya maji ya chupa, iwe Namanve, Jinja au Mbarara, ni la hesabu. Katoni zilizofungwa ni 42, yaani chupa 1,008, lakini skrini ya mashine inaonyesha 1,310. Kesho yake mtu anainamisha kidogo sensa, kile kifaa kinachohisi chupa zikipita, katoni ni zilezile 42, na skrini inaonyesha 310. Tangu URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ilipoanzisha stempu za kidijitali mwaka 2019, na maji ya chupa yakiwa kati ya bidhaa zinazobandikwa, tofauti ya namna hiyo haiishii tena kwa msimamizi wa zamu. Mtu wa stoo anauliza, mhasibu anauliza, na anayetazamwa ni fundi.

Wengi hukimbilia kununua sensa mpya. Sensa mpya nayo inakosea vilevile, kwa sababu mara nyingi ile ya zamani haikuwa mbovu. Ilikuwa imeelekezwa kwenye sehemu ya chupa ambayo sensa ya aina hiyo haiwezi kuitambua vizuri. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili, kama mafundi wanavyozileta, na mfano wangu mkuu ni laini ndogo ya chupa angavu za nusu lita. Laini ya soda, ya bia au ya unga ikitofautiana, nitasema.

Kila sensa inaona nini

Sensa ya indaktivu hutoa uga wa sumaku unaobadilika haraka mbele ya uso wake. Metali ikikaribia, mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani ya metali hiyo na kunyonya nguvu ya ule uga, na sensa inajibu. Plastiki, maji, glasi na karatasi haivioni kabisa. Ina kasi na haisumbuliwi na vumbi wala unyevu, ila upeo wake ni milimita chache tu.

Sensa ya kapasitivu huhisi jinsi kitu kilicho mbele yake kinavyoshika chaji ya umeme. Kwa kipimo hicho hewa ni 1, plastiki nyingi ziko kati ya 2 na 4, na maji ni karibu 80. Ndiyo maana inaweza kuona maji kupitia ukuta wa chupa. Lakini inaona pia tone la maji lililogandia usoni pake, na ni ya polepole: nyingi hubadilika mara 10 hadi 50 tu kwa sekunde.

Sensa ya mwanga iko ya namna tatu. Kuna ya vipande viwili, mtumaji upande mmoja wa mkanda na mpokeaji upande wa pili. Kuna ya kioo, ambapo sensa moja hutuma mwanga na kioo cha plastiki kilicho ng'ambo huurudisha. Na kuna isiyo na kioo, inayotegemea mwanga unaorudishwa na kitu chenyewe. Zote zinaona mbali na zina kasi. Maadui zake ni uchafu, jua, na vitu vinavyopitisha mwanga, na chupa angavu ni mojawapo ya hivyo.

Kabla ya kugusa chochote

Simamisha konveya, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli na uweke ufunguo mfukoni kabla ya kupeleka mkono penye mkanda, mnyororo au gia. Konveya inayojiendesha kwa PLC, ile kompyuta ndogo inayopokea ishara za sensa na kuongoza mashine, inaweza kuanza yenyewe pale sensa unayoigusa inapobadilika hali. Vipimo vya volti 24 vinahitaji umeme uwepo, kwa hiyo vifanyie kwenye plagi ya sensa, mbali na kitu kinachozunguka, kitufe cha dharura kikiwa kimebonyezwa.

Kila sensa ina jaribio lake la sekunde kumi. Kwa ya indaktivu, leta spana karibu na uso wake. Kwa ya kapasitivu, leta kiganja. Kwa ya mwanga, ziba mwale kwa kipande cha boksi. Taa ndogo iliyo mgongoni mwa sensa ikibadilika kila mara, sensa yenyewe ni nzima. Jaribio hilo peke yake limeokoa pesa za sensa nyingi.

Dalili: taa ya sensa haiwaki kabisa

Anza na kebo. Kwenye laini ya maji kebo huvunjika pale inapoingia kwenye plagi, kwa sababu wanaoosha mashine huivuta au huikalia. Fungua plagi uangalie kama pini zimeota kutu ya kijani. Kisha pima volti kati ya waya wa kahawia na wa bluu: unatarajia karibu 24. Sensa nyingi za mkondo mnyoofu zinafanya kazi kati ya volti 10 na 30, kwa hiyo 22 si tatizo.

Ukipata sifuri kwenye sensa moja tu, kosa ni kebo. Ukipata sifuri kwenye sensa zote, ni fyuzi au pawa saplai ya volti 24. Hapo unaingia ndani ya paneli, ambako kuna volti 240 za nyaya mbili na 415 za mota. Kama huna kibali cha ufundi umeme kutoka ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, ishia kwenye plagi ya sensa umwite mwenye kibali.

Dalili: taa ya sensa inawaka na kuzima vizuri, lakini PLC haioni kitu

Chanzo cha kawaida ni sensa iliyobadilishwa karibuni. Dukani Kampala ukipeleka sensa ya M18, yaani yenye mwili wa uzi wa milimita 18, utapewa M18 inayofanana nayo kwa sura, uzi na rangi, ila mwilini imeandikwa `NPN` na ya zamani ilikuwa `PNP`. Ya `PNP` inapoona kitu huunganisha waya mweusi, ule wa ishara, na volti 24. Ya `NPN` huunganisha waya mweusi na sifuri. Ingizo la PLC lililofungwa kusubiri aina moja haliwezi kuona nyingine, hata taa ya sensa ikiwaka namna gani.

Pima kati ya waya mweusi na wa bluu huku mwenzako akiweka kitu mbele ya sensa. Volti zikipanda hadi karibu 24, ni `PNP` nzima. Zisipopanda, pima kati ya kahawia na mweusi. Zikipanda hapo, ni `NPN` nzima, na uliyo nayo ni aina isiyofaa tu. Irudishe dukani. Kuna wanaoweka rilei katikati ili kugeuza ishara, na kwa taa ya onyo inafaa, lakini kwa kuhesabu si dawa. Laini ya chupa 6,000 kwa saa ikifanya kazi saa 10 inaifunga na kuifungua rilei hiyo mara 60,000 kwa siku, na vigusio vyake vitaanza kudunda na kuleta hesabu za uongo.

Vyanzo vingine hutokea kwa nadra: waya mweusi umekatika katikati, au sensa ni ya `NC`, inayotoa ishara pasipo na kitu, mahali palipotakiwa `NO`, inayotoa ishara penye kitu, yaani ishara imegeuzwa. Hii ya pili utaijua kwa sababu PLC inaona, ila kinyume.

Dalili: hesabu inazidi au inapungua

Hapa ndipo pa kukaa. Niliitwa kwenye kiwanda kimoja kando ya barabara ya Jinja, sensa ikiwa ya mwanga ya aina ya kioo, imefungwa usawa wa katikati ya chupa. Opareta alinipokea kwa maneno haya: "Fundi, hii mashine kuna siku inaongeza, kuna siku inaiba. Tumeshabadilisha sensa na bado." Nikamwambia, "Nipe katoni moja ya chupa zilizojaa, tuipitishe yote tukiangalia."

Chupa 24 zikapangwa zikigusana, kundi moja refu. Skrini ikaonyesha 25. Zikapangwa tena zikiachana upana wa kiganja. Skrini ikaonyesha 48.

Namba hizo mbili zinatosha kutaja kosa. Chupa angavu, hasa ikiwa na maji, hupinda mwanga kama lenzi. Mwale ukigusa ukingo wa mbele unapindishwa pembeni na haurudi kwa sensa, kwa hiyo sensa inasema "kuna kitu". Ukifika katikati unapita, unaenda kwenye kioo na kurudi, na sensa inasema "hakuna". Ukifika ukingo wa nyuma unapotea tena. Chupa moja, ishara mbili. Zikigusana, ukingo wa nyuma wa chupa moja na ukingo wa mbele wa inayofuata huungana kuwa ishara moja, na kundi la chupa 24 linatoa ishara 25. Kwa hiyo hesabu ya sensa hiyo ni idadi ya chupa kuongeza idadi ya makundi yaliyopita. Rudi kwenye ile skrini ya 1,310: toa chupa 1,008, unabaki na 302, ambayo ni idadi ya makundi.

Mtu aliyeinamisha sensa kesho yake aliielekeza kwenye lebo. Lebo haipitishi mwanga, na hilo ni jambo jema. Lakini lebo ina upana wa chupa yenyewe, na chupa zikigusana hakuna upenyo wa mwanga kati yao. Kundi zima linaonekana kama kitu kimoja kirefu. Tulipojaribu usawa wa lebo, chupa zilizoachana zilitoa 24, zilizogusana zikatoa 1. Ndiyo ile skrini ya 310: sensa ilikuwa ikihesabu makundi.

Sehemu inayofaa ni kifuniko. Chupa hiyo ina kipenyo cha milimita 65, na kifuniko chake karibu 30. Chupa zikigusana, kati ya kifuniko na kifuniko panabaki milimita 35 za hewa. Kifuniko hakipitishi mwanga na nafasi ipo. Mkanda ulikuwa unakwenda milimita 200 kwa sekunde, maana yake kifuniko kinaziba mwale kwa milisekunde 150 na nafasi inauachia kwa 175. Sensa ya mwanga, inayojibu kwa milisekunde moja hivi, ina muda wa kutosha, na PLC ya kawaida pia.

Tulipoipandisha sensa hadi usawa wa kifuniko, hesabu ilikaribia lakini ikawa inaruka chupa mojamoja. Sababu ilikuwa kioo. Mwale wa sensa ya aina hii huanza mwembamba kwenye lenzi na kupanuka kuelekea kioo, na kioo kile kilikuwa cha duara la milimita 80. Kifuniko cha milimita 30 kikipita karibu na kioo hakiwezi kukiziba chote; mwanga hupita pembeni yake na kurudi. Tulikifunika kioo kwa mkanda mweusi wa umeme, tukaacha dirisha wima la milimita 20, na sensa tukaisogeza ili chupa zipite karibu nayo kuliko kioo. Hesabu ikawa 24 zikigusana, na 24 zikiachana.

Ukifanya hivyo, zingatia mambo mawili. Vioo hivi vina umbali wa chini, umeandikwa kwenye karatasi ya sensa; ukikisogeza kioo karibu kupita umbali huo, sensa haikioni. Na kama vifuniko vyenu ni vyeupe vinavyong'aa, kifuniko chenyewe kinaweza kurudisha mwanga na kudhaniwa kuwa ni kioo. Tumia sensa yenye kichujio cha mwanga, ile inayokubali tu mwanga uliogeuzwa na kioo chake, au ile ya vipande viwili.

Kuna njia nyingine ambayo wengi huijaribu kwanza: kuandika kwenye PLC kwamba baada ya ishara moja isihesabu tena kwa milisekunde 300. Kwa mkanda unaokwenda kwa kasi moja, inaonekana kufanya kazi. Chupa ya milimita 65 inapita kwa milisekunde 325, na ukingo wa nyuma huanza kuupoteza mwale karibu na milisekunde 285, kwa hiyo unaangukia ndani ya ule muda wa kungoja. Lakini siku mkanda ukipunguzwa hadi nusu ya kasi, ukingo huo unafika karibu na milisekunde 570, na hesabu inakuwa mbili kwa moja tena. Konveya za chupa hupunguzwa na kusimama mara nyingi kwa siku, kila mashine ya kufungia katoni inapokwama. Tiba ya kutegemea saa inafuata kasi ya mkanda, na kasi ya mkanda haiko mikononi mwa sensa.

Kama sensa yako tayari iko kwenye kifuniko na bado inazidisha, chanzo kinachofuata ni chupa zilizokwama mbele ya sensa zikitikisika. Ukingo wa kifuniko unaingia na kutoka kwenye mwale, na kila mtikisiko ni chupa moja ya hewa. Isimamie laini ikiwa imekwama na uangalie skrini: namba ikipanda wakati hakuna chupa inayosogea, umeipata. Hamisha sensa hadi mahali ambapo chupa hazirundikani, mara nyingi mara tu baada ya mashine ya vifuniko, na mwambie mwenye programu ya PLC ahesabu pale tu mkanda unapotembea.

Chanzo cha tatu ni mguu wa sensa kulegea. Kwenye laini inayobadilisha chupa za nusu lita na za lita moja na nusu, sensa hupandishwa na kushushwa kila mara. Piga alama ya rangi kwenye nguzo kwa kila ukubwa wa chupa, la sivyo kila zamu itakuwa na kimo chake.

Na wale wanaohesabu kwa sensa ya kapasitivu? Inaona chupa ya maji bila shida, iwe angavu au la, na kwa hilo huwavutia watu. Tatizo ni nafasi. Chupa zikiachana milimita 5 kwenye mkanda wetu, nafasi hiyo inapita kwa milisekunde 25. Sensa inayobadilika mara 10 kwa sekunde inahitaji karibu milisekunde 50 ya "kuna" na 50 ya "hakuna". Nafasi hiyo haitaiona, na uga wake mpana unaimeza zaidi. Itahesabu makundi. Sensa ya indaktivu haina nafasi hapa kabisa, kwani chupa, maji na kifuniko cha plastiki havina metali.

Dalili: sensa ya kapasitivu inabaki imewaka hata chupa ikiwa haina maji

Kazi yake halisi kwenye laini hii ni kukamata chupa isiyojaa kabla haijafika kwenye katoni. Inafungwa pembeni, usawa wa kimo cha maji, milimita chache kutoka kwenye chupa.

Kwanza ifute kwa kitambaa kikavu. Ikizima papo hapo, ilikuwa inaona tone la maji au utando wa uchafu. Kwenye laini za unga wa mahindi ni vumbi lililoshikamana, na asubuhi zenye unyevu vumbi hilo huwa zito zaidi kwa sensa. Pili, angalia reli za pembeni. Reli ya chuma iliyosogezwa karibu na uso wa sensa inaonekana kama kitu cha kudumu.

Ikiendelea, chanzo ni ile skrubu ndogo ya usikivu, ambayo huwa mtu ameizungusha akitafuta tatizo jingine. Irekebishe hivi. Weka chupa iliyojaa mbele yake, punguza usikivu hadi taa izime, kisha ongeza taratibu hadi iwake, na ukumbuke mahali hapo. Ondoa hiyo, weka chupa tupu, endelea kuongeza hadi taa iwake tena. Rudisha skrubu katikati ya sehemu hizo mbili. Chupa tupu unayotumia iwe imelowa kwa nje. Watu wengi hurekebisha kwa chupa kavu ya stoo, na laini ikianza, chupa zinazotoka kujazwa zikiwa na matone, sensa inakubali hata zilizo tupu.

Kama kati ya sehemu hizo mbili hakuna hata robo ya mzunguko, usiipoteze siku ukiizungusha. Sensa iko mbali mno, au chupa zinayumba mno. Kaza reli za pembeni ili kila chupa ipite kwa umbali uleule, ndipo urudie.

Dalili: sensa ya indaktivu inaruka vifuniko vya metali

Hii ni ya laini za soda, bia na pombe kali za chupa za glasi, ambako sensa iko juu ya kifuniko kuhakikisha kila chupa imefungwa. Chanzo cha kawaida ni umbali. Ule upeo ulioandikwa kwenye sensa umepimwa kwa bamba la chuma laini, na upeo unaoweza kuutegemea ni asilimia 81 yake. Sensa ya M18 ya kuzamishwa, yaani inayoweza kufungwa kichwa kikiwa sawa na bamba la chuma, iliyoandikwa milimita 5, itegemee kwa milimita 4. Kizibo cha bia ni bamba la chuma, kwa hiyo inatosha, mradi chupa zisitofautiane vimo sana.

Kiwanda kikihamia vifuniko vya aluminiamu vya kuzungusha, laini ileile inaanza kuruka. Kwa aluminiamu upeo hushuka hadi karibu theluthi moja au zaidi kidogo. Ukichukua 0.4, zile milimita 4 zinakuwa 1.6. Chupa za glasi zinatofautiana vimo, na mkanda nao unatikisika, milimita 1.6 haitoshi, na ukiishusha sensa zaidi itagongwa na kuvunjika uso. Badilisha kwa sensa kubwa zaidi. M30 isiyozamishwa ya milimita 15 inakupa karibu milimita 4.9 kwa aluminiamu. Au nunua ile inayoona metali zote kwa umbali mmoja, ambayo ni ghali zaidi.

Sensa isiyozamishwa inaona pia kwa pembeni. Ukiifunga ndani ya tundu la bamba la chuma, kichwa kikiwa sawa na bamba, itaona bamba hilo na kuwaka daima. Iache kichwa chake kijitokeze, kwa kipimo kilicho kwenye karatasi yake.

Dalili: inakosea saa ileile kila siku

Kama sensa ya mwanga inapofuka saa kumi na moja jioni na kupona saa moja usiku, tafuta mlango unaotazama magharibi. Kwetu hapa ikweta jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo kosa hili halina msimu. Mwanga wa sensa unapigapiga kwa mdundo wake, na taa za kawaida haziichanganyi. Lakini jua likiingia moja kwa moja kwenye lenzi ya mpokeaji linaijaza kiasi kwamba mdundo hausikiki tena. Jaribu kuweka kiganja kati ya jua na lenzi bila kuziba mwale. Ikipona, badilisha upande wa mpokeaji na wa mtumaji ili mpokeaji atazame mashariki, au ifunge kofia ya bati.

Kama ni alfajiri badala ya jioni, futa lenzi kwanza. Ukungu wa asubuhi kwenye viwanda vya karibu na ziwa hutanda juu ya lenzi na kioo, na laini za soda zinazojazwa baridi huongeza.

Dalili: hesabu inaruka mota inapoanza, au umeme unapohamia jenereta

Fuata kebo ya sensa kwa mkono, konveya ikiwa imezimwa na kufungwa. Ikilala ndani ya mfereji mmoja na kebo ya mota inayotoka kwenye kidhibiti kasi, itenganishe. Pale zinapolazimika kukutana, zikatishe kwa msalaba badala ya kulala sambamba. Kama kosa linatokea tu umeme unapohama, acha mita kwenye volti 24 wakati wa kuhama. Zikishuka sana kwa muda mfupi, pawa saplai imezidiwa mzigo au imezeeka, na hiyo ni kazi ya ndani ya paneli.

Pa kusimama na kumwita mtaalamu

Usitumie sensa yoyote kati ya hizi kulinda mtu. Kama kazi ya sensa ni kusimamisha mashine mkono ukiingia, hiyo ni ya aina maalumu ya usalama, na kuibadilisha kwa M18 ya kawaida au kuunganisha nyaya zake ili laini iendelee kunaweza kumkata mtu vidole siku hiyohiyo. Acha laini isimame hadi kifaa sahihi kifike.

Kama laini inajaza waragi au spiriti nyingine, au kuna wingu la vumbi la unga, usifungue plagi yoyote umeme ukiwepo wala usibadilishe sensa kwa inayofanana nayo. Maeneo hayo yanahitaji sensa na nyaya zilizoidhinishwa kwa hewa inayoweza kulipuka, na cheche ndogo ya plagi ya volti 24 inaweza kutosha.

Na ukigusa mwili wa konveya ukahisi umeme, hata kidogo, zima swichi kuu, waondoe watu, umwite fundi mwenye kibali apime ethi kabla ya mtu yeyote kuiwasha tena.